Zohali imenikalia, au ni baba?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33. Nilizaliwa Tanga tarehe 9 Agosti 1992, saa 12:40 asubuhi kwa mujibu wa kadi ya kliniki. Baba yangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Nikiwa bweni nilimwandikia barua, akanirudishia ileile ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika "Rudia". Hajawahi kunipiga, na ada hakuchelewesha hata muhula mmoja, lakini sikumbuki siku aliyosema nimefanya vizuri.

Sasa ni mhasibu kwenye kampuni moja Dar. Huu ni mwaka wa pili nakaimu nafasi ya mkuu wa kitengo, na sijathubutu kuuliza kama nitathibitishwa. Kwenye kikao cha watu thelathini naongea bila wasiwasi, hata mkurugenzi akiwepo. Lakini nikiitwa tukae wawili tu na mkuu wangu, sauti inakauka. Mchumba wangu naye analalamika kwamba namwomba ruhusa hata ya kununua viatu kwa hela yangu.

Niliweka tarehe yangu kwenye apu ya nyota. Ikasema nina Jua mkabala na Zohali, Zohali iko kileleni na Jua liko chini kabisa: baba baridi, wenye mamlaka watanikandamiza, na sitajiamini mpaka uzeeni. Nililia. Mnajimu mmoja wa mtandaoni anataka shilingi 150,000 "aifunge" hiyo Zohali. Kaka yangu ananicheka, anasema baba ni yuleyule na yeye hana tatizo lolote.

Shangazi, nimeandikiwa hivi kweli? Na nimlaumu baba?

Binti wa Mwalimu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hatujafika kwa baba, tuanze na saa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ulipoijaza ile apu uliandika 12:40, halafu ukachagua AM kwa sababu kadi inasema asubuhi. Nimejuaje? Apu yenyewe imekusema. Imekwambia Jua liko chini kabisa kwenye ramani yako. Jua hukaa chini kabisa wakati mmoja tu, usiku wa manane, likiwa upande wa pili wa dunia chini ya miguu yetu. Mtoto aliyezaliwa asubuhi hawezi kuwa nalo huko. Nesi aliyekuandikia kadi alihesabu saa kama sisi sote tunavyohesabu, na saa 12:40 asubuhi ya Kiswahili apu inaijua kwa jina la 06:40. Wewe umeipa 00:40. Umeisogeza kuzaliwa kwako saa sita nzima, na katika saa sita anga linazunguka robo ya duara. Kilichokuwa kileleni kimekwenda ubavuni, na kilichokuwa ubavuni kimezama chini.

Usijione mjinga. Katika ramani za watu wetu ninazoletewa, hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na waliolifanya wamo mpaka wanaojiita wanajimu. Dawa yake ni rahisi: ukishaipata ramani, tazama Jua liko wapi. Aliyezaliwa asubuhi, Jua lake linakuwa karibu na mstari wa mashariki, ambao kwenye michoro mingi uko upande wa kushoto. Wa adhuhuri linakuwa juu, wa magharibi linakuwa kulia. Lisipokuwa mahali pake, saa imekosewa, na usisome neno hata moja linalofuata.

Sasa nimekuchorea upya kwa 06:40. Tarehe haijabadilika, kwa hiyo mkabala wenyewe upo palepale. Jua lako liko nyuzi 16 na nusu za Simba, na Zohali iko karibu nyuzi 15 za Ndoo, upande wa pili wa duara. Mkabala kamili ni nyuzi 180, na wewe umepungukiwa na nyuzi ambazo hazifiki 2. Huo ni mkabala wa karibu, hakuna mnajimu atakayeubisha. Lakini badala ya Zohali kuwa kileleni na Jua kuwa shimoni, picha yako ya kweli ni hii: asubuhi ile Tanga, Jua lilikuwa limechomoza baharini dakika chache tu zilizopita, na wakati huohuo Zohali ilikuwa inazama magharibi, nyuma ya Usambara. Vilikuwa viwili vinatazamana, kila kimoja kwenye ukingo wake wa dunia.

Tofauti yake ni kubwa kuliko unavyodhani, na ili uione lazima nikueleze kwa nini jozi hii inasomwa kama baba tangu mwanzo.

Klaudio Ptolemaio, aliyeandika Aleksandria katika karne ya 2, alisema kwamba Jua na Zohali kwa asili yao vinamhusu baba, kama vile Mwezi na Zuhura vinavyomhusu mama. Ona kwamba ni vyote viwili. Watu wa siku hizi wamezoea kusema Jua ni wewe na Zohali ni baba mkali, lakini kwa wazee wa fani baba ana nyuso mbili. Uso wa Jua ni yule baba anayekutazama ukachangamka, anayekupa jina, ambaye akiingia nyumbani taa ni kama imeongezwa mafuta. Uso wa Zohali ni baba wa mpaka: ratiba, ada, kipimo, hapana, bado, rudia. Kila mtoto anawahitaji wote wawili. Vikigusana kwenye ramani, hasa kwa nyuzi 0, 90 au 180, mnajimu husoma kwamba nyuso hizo mbili mtoto alizipokea zikiwa zimefungamana. Akiomba kuonekana, anapewa kipimo. Akipeleka barua, inarudi na alama.

Wengi wa wakale waliongeza kanuni moja: aliyezaliwa mchana, baba yake hutazamwa kwanza kupitia Jua, na aliyezaliwa usiku kupitia Zohali. Hapo ndipo saa yako ilipokuumiza. Ramani ya usiku wa manane ilimfanya baba yako kuwa Zohali, tena Zohali iliyopanda juu ya kichwa chako. Ramani ya asubuhi inamfanya kuwa Jua, tena Jua lililo ndani ya nyumba yake, kwa sababu Simba ndiyo nyota inayotawaliwa na Jua. Na Zohali nayo iko kwake, kwa kuwa Ndoo ni mojawapo ya nyumba zake mbili, ya pili ikiwa Mbuzi. Hakuna mgeni hapa. Wakale walisema pia kwamba hasira ya Zohali huwa ndogo zaidi kwa waliozaliwa mchana kuliko kwa waliozaliwa usiku. Kwa hiyo hata kwa kanuni zao wenyewe, lile neno "baba baridi" halikupaswa kuandikwa kwenye ramani yako. Wangesema baba mwenye hadhi na msimamo, na mtoto anayesimama mbele ya msimamo huo akijiuliza kama na yeye anaruhusiwa kuwa na wake.

(Nikuchekeshe kidogo. Waliolipa Jua nyumba ya Simba waliishi kwenye nchi ambako mwisho wa Julai na Agosti jua linapasua mawe. Wewe ulizaliwa Tanga wakati wa kipupwe, watoto wanafungwa kanga mbili. Mfumo huu ulishonwa kwa hali ya hewa ya kwingine, na anayekuuzia kama neno lililoshuka kutoka mbinguni hajawahi kuutazama vizuri.)

Sasa tuje kwenye aina ya mguso, maana si kila Jua na Zohali ni kitu kimoja. Vikiwa pamoja, nyuzi 0, sauti ya baba inakuwa ndani kabisa na mtu hawezi kuitenganisha na yake. Anajikosoa kabla hajakosolewa, na anadhani huo ndio utu uzima. Vikiwa kwenye nyuzi 90 ni msuguano, mtu anagombana na kila mwalimu na kila bosi na haelewi kwa nini. Mkabala una tabia yake: upande mmoja mtu anaukalia, upande wa pili anamwachia mtu mwingine aukalie. Wewe umekaa upande wa Jua. Kiti cha Zohali umekiweka mbele yako, na yeyote atakayeketi hapo unamkabidhi kalamu nyekundu.

Na kiti chenyewe kiko wapi? Kwenye ramani ya makosa kilikuwa kileleni, mahali pa vyeo, serikali na macho ya watu. Kama ingekuwa hivyo, ungekauka sauti mbele ya mkurugenzi na mbele ya kikao. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba kikaoni huna shida. Kwenye ramani ya 06:40 Zohali iko kwenye mstari wa magharibi, ambao wanajimu huusoma kuwa ni mahali pa mtu wa ana kwa ana: mume, mshirika, mteja, yule aliyeketi ng'ambo ya meza. Mkuu wako mkiwa wawili tu. Mchumba wako na habari ya viatu.

Hapo ulisisimka, najua. Na mimi nilisisimka nilipoiona. Ndiyo maana nataka unisikilize kwa makini sasa hivi, maana sehemu hii wenzangu wengi wanairuka.

Ile ramani ya makosa nayo ilikuliza. Uliisoma, ukamwona baba yako, ukamwona bosi wako, ukasema hii ni mimi. Ilikuwa ya saa ambayo hukuwa umezaliwa. Kama maneno ya ramani isiyo yako yanaweza kukuingia hivyo, basi kuingia kwake si ushahidi, na hii yangu iliyokusisimua sasa hivi inahukumiwa kwa sheria hiyohiyo. Mwaka 1985 mwanafizikia Shawn Carlson alichapisha kwenye jarida la Nature jaribio ambalo wanajimu walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yapi ni ya mwenye ramani. Hawakupata zaidi ya ambavyo angepata mtu anayebahatisha. Wapo wanajimu wanaopinga jinsi alivyopiga hesabu zake, na wana hoja zao, lakini sijaona jaribio la kunifanya nimwambie binti wa miaka 33 kwamba ameandikiwa.

Tena fanya hesabu ndogo ya kijijini. Jua husogea karibu nyuzi 1 kwa siku, na Zohali ni kama imesimama. Ukiruhusu nafasi ya nyuzi 6 kila upande, kama wengi wetu tunavyofanya, mkabala wako ulidumu takriban tangu Agosti 1 hadi 13 mwaka ule. Watoto wote waliozaliwa duniani katika siku hizo wanao: Tanga, Muscat, Lubumbashi, popote. Wengine baba zao walikuwa wapole kama maji ya mtungi, wengine hawakuwajua kabisa. Na mwaka uliofuata mkabala ulirudi tena, Agosti 19, kwa sababu Jua na Zohali hurudia mkao huohuo kila baada ya siku 378 hivi. Kwa mwaka wowote, kama watu watatu katika kila mia wanazaliwa nao. Haiwezekani wote hao wakawa na baba wa aina moja.

Kwa hiyo kaka yako, pamoja na kucheka kwake, ameshika jambo. Ramani ni ya mtoto, si ya baba. Haiwezi kutoa habari za Mwalimu kama shahidi mahakamani. Inachoweza, kwa anayeitumia kwa adabu, ni kukupa namna ya kuuliza: wewe, katika mengi aliyokupa baba, uliokota nini? Barua nyekundu ingempata kaka yako, huenda angeitengenezea ndege ya karatasi. Wewe ulirudia. Nina hakika uliirudia, ukaipeleka tena, haina kosa.

Nilikuwa na mteja mmoja, mwanamume, mwenye mkabala huohuo, yeye wa mwaka 1989. Kila akija alikuwa anamsema baba yake, na kila mara alikuwa na ushahidi mpya. Nikamwomba aniletee orodha mbili kwenye karatasi moja. Upande mmoja aandike maneno ambayo baba alitamka kweli kwa mdomo wake, kama alivyoyatamka. Upande wa pili aandike yale ambayo yeye husikia kichwani akitaka kufanya jambo. Alikaa wiki mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na mistari minne. Wa pili ulijaa ukaendelea nyuma ya karatasi. Hakufurahi, aliniambia nimemnyang'anya mtu wa kumlaumu. Nakuomba na wewe uifanye, na upande wa kwanza neno "Rudia" liandike, maana lile lilitamkwa, hata kama ni kwa wino.

Hapo utaona jibu la swali lako la kulaumu. Yale yaliyoko upande wa kwanza ni ya baba, na una haki ya kusema yalikuuma. Mtoto wa bwenini hakuhitaji masahihisho, alihitaji kujua barua imefika. Yale ya upande wa pili yameendelea kukua baada ya Mwalimu kuweka kalamu chini, na hayo hawezi kuyafuta hata akitaka.

Kuna jambo la miaka ambalo lazima nilitaje, kwa sababu ukiendelea kusoma mtandaoni utakutana nalo na litakutisha. Zohali inazunguka duara lote kwa miaka 29 na nusu hivi, na njiani inapita kwenye pembe zake. Juu ya Jua lako ilipita Agosti 2006, ukitimiza miaka 14. Novemba 2013 ilikuwa kwenye nyuzi 90, una miaka 21. Mwisho wa Januari 2022 ilirudi pale ilipokuwa siku unazaliwa, na wiki mbili baadaye ikawa mkabala kabisa na Jua lako. Kwa kanuni za fani, hizo ndizo nyakati ambazo habari ya baba, wakubwa na thamani yako ingekuja juu.

Ninajua unachotaka kufanya: kukumbuka nini kilitokea Agosti 2006. Ngoja kwanza. Mtu yeyote wa miaka 14 ana jambo lake la mwaka ule, ukilitafuta utalipata, na utasema Shangazi ni kiboko. Ukitaka kupima kwa haki, mpe kaka yako karatasi. Aandike, bila kujua tarehe zangu, miezi mitano au sita anayokumbuka wewe na baba mligongana au wewe ulibadilika. Kisha linganisha. Miezi yangu ikiangukia humo, vizuri, una kitu cha kufikiria. Isipoangukia, hilo nalo ni jibu, na usianze kusogeza tarehe mbele na nyuma mpaka zikubali. Ukiruhusu miezi sita kila upande, Zohali itaeleza maisha ya mtu yeyote.

Ndiyo maana pia sitaki usubiri. Utampata mtu wa kukwambia kwamba Aprili 2027 Zohali itakuwa kwenye nyota ya Punda, nyuzi 120 kutoka kwa Jua lako, pembe laini, basi ndipo uombe kuthibitishwa. Hesabu yake ni sahihi. Lakini kukaimu miaka miwili bila kuuliza si shida ya anga, na kila mwezi unaosubiri pembe nzuri mwenzako anaomba ile nafasi akiwa na pembe mbaya.

Fanya hivi. Kwa kuwa kinachokukausha ni mkao wa wawili, usiingie mikono mitupu. Andika ukurasa mmoja: tarehe uliyoanza kukaimu, hesabu ulizofunga, idadi ya watu unaowasimamia, na swali moja mwishoni, "Uthibitisho wangu umefikia wapi, na lini nitapata jibu?" Mpelekee siku moja kabla, ili mkikaa muwe mnaitazama karatasi, si yeye anakutazama wewe. Wewe ni mhasibu, karatasi ndiyo lugha yako. Na isome mara mbili tu kabla ya kutuma. Ya tatu si yako tena, ni ya Mwalimu.

Mchumba ni habari nyingine na amekwisha kukusaidia, kwa sababu amekataa kukaa kwenye kile kiti. Wako wanaokikalia kwa furaha. Nunua viatu, mwonyeshe ukishavivaa.

Huyo wa shilingi 150,000 achana naye. Zohali haifungwi. Usiku ule wa kuamkia kuzaliwa kwako ilikuwa angani tangu machweo hadi alfajiri, na kwa kuwa ilikuwa mkabala na Jua ndio ilikuwa karibu zaidi na dunia na inang'aa kuliko wakati wowote wa mwaka ule. Mama yako angetoka uani angeiona kwa macho. Muulize huyo fundi sasa hivi Zohali iko nyota gani na inachomoza saa ngapi usiku huu. Akijibu bila kufungua simu, niandikie, nitamwomba radhi.

Mwisho ni kazi ambayo ni ya Tanga, ukienda likizo. Nimekusomea kana kwamba 06:40 ni kweli tupu, na siyo. Siku zile za Agosti, Tanga jua linachomoza saa 12 na nusu na dakika moja hivi asubuhi. Kadi yako inasema 12:40. Hiyo ni tofauti ya dakika tisa tu. Nesi ana wajawazito watatu na saa ya ukutani, anaandika akishamaliza kuosha mikono. Kama ulitoka robo saa kabla ya alivyoandika, basi ulizaliwa kabla jua halijatoka, na kanuni ya wakale inageuka: wewe ni mtoto wa usiku, na baba anarudi kuwa Zohali. Sehemu kubwa ya niliyokuandikia kuhusu nyuso zake mbili imesimama juu ya dakika hizo tisa.

Kadi haiwezi kutuamulia. Mama anaweza, maana akina mama hawakumbuki saa ila wanakumbuka mwanga. Usimuulize saa ngapi. Muulize kama adhana ya alfajiri ilimkuta bado na uchungu, kama taa ya wodi ilikuwa imezimwa, kama dirishani palikuwa pamekucha walipokuweka kifuani. Na Mwalimu akiwepo sebuleni, muulize na yeye alikuwa wapi asubuhi ile, alikuja saa ngapi, na alisema nini alipokuona. Andika kama atakavyotamka, upande wa kwanza wa karatasi, kisha uniletee.